Neno "hii" limetugharimu 180,000: muhtasari wa imeili uliosomwa na kila mtu kivyake

#1 Mwisho_wa_Reli

Wakuu, habari za humu. Niko Kigoma mjini, karani kwenye ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo ziwani. Naomba mnisaidie kuamua ubishi uliokaa ofisini kwetu wiki nzima.

Tulikuwa na mteja wa Bujumbura anayetaka mifuko 800 ya saruji. Imeili zilikwenda zikarudi kwa siku tatu, tisa kwa jumla, na waliokuwa wakipokea ni watano: mteja, bosi, mhasibu, mtu wa ghala na mimi. Mwishoni bosi akaniambia, "Wafupishie, hakuna atakayezisoma zote." Nikaandika hivi:

> Ndugu wote, muhtasari hadi leo. Boti ya Jumanne ina nafasi ya mifuko 600 na nauli mpya ni shilingi 2,800 kwa mfuko. Safari ya Ijumaa inaweza kubeba mifuko 200 iliyobaki. Mteja anasema hii sawa kwao, ila ile ya pili hapana. Mhasibu aandae ankara leo na itumwe kabla ya saa kumi jioni. Ghala waipakie asubuhi.

Nilichomaanisha: mteja kakubali nauli mpya, kakataa safari ya Ijumaa. Basi.

Mhasibu akahesabu vitu kwa jinsi vilivyopangwa kwenye muhtasari. Cha kwanza boti, cha pili nauli. Kwake "ile ya pili hapana" ikawa nauli mpya imekataliwa, akatoa ankara kwa nauli ya zamani, 2,500. Shilingi 300 mara mifuko 600, hiyo ni 180,000. Mteja akalipa siku hiyohiyo, na nani asingelipa?

Mtu wa ghala yeye alipofika kwenye "hii" akarudi nyuma hatua moja, akaikuta safari ya Ijumaa. Akaelewa safari zote mbili zimepita. Ile "ya pili hapana" anasema aliona ni mambo ya pesa, hayamhusu. Akatoa mifuko yote 800 kwa siku moja ili lori lisirudie. Mifuko 200 ya ziada, tani kumi hizo, ikalala bandarini chini ya turubai. Usiku mvua ikanyesha. Kesho yake tukawalipa wapagazi kuirudisha.

Bosi anasema kosa langu. Mimi nasema Kiswahili changu hakina kosa, hebu nionyesheni neno lililokosewa. Wao ndio hawakusoma kwa makini. Nipeni hukumu.

#2 Dogo_Gungu

Upo sahihi kaka. Mkanganyiko wa namna hii ni ugonjwa wa Kiingereza, kwa sababu wao wana kineno kimoja tu kwa kila kitu kisicho na uhai. Sisi tuna ngeli. Ukisema "limefika" najua ni lori, ukisema "kimetoka" najua ni kibali, ukisema "umeharibika" najua ni mzigo. Mtu akishindwa kufuata upatanisho wa kisarufi wa lugha yake mwenyewe, arudi darasa la tano.

#3 MwalimuMstaafu_Ujiji

Mwisho wa Reli, hujakosea sarufi hata sehemu moja. Ndiyo maana hukuona kosa. Sarufi ikivunjika jicho linakwama, mtu anauliza. Hapa hakuna jicho lililokwama. Kila mmoja alisoma kwa ulaini, akapata maana kamili, akaenda kuitekeleza. Wenzako walisoma kwa makini tu.

Dogo Gungu, mwanangu, ulichosema juu ya ngeli ni kweli kwa nusu. Chukua ule muhtasari uandike pembeni majina yote yanayoweza kuitwa "hii". Boti. Nafasi. Nauli. Shilingi. Safari. Ankara. Yote ya ngeli ya I-ZI. Halafu ongeza mifuko, ambayo ni U-I, lakini kwa wingi wake nayo tunasema "mifuko hii". Umoja wa I-ZI na wingi wa U-I vinavaa nguo moja. Hayo ni majina saba ndani ya sentensi tano, na ngeli haijakusaidia kuchuja hata moja.

Tena si bahati mbaya. Lugha ya ofisi imejaa maneno tuliyoyapokea kutoka nje, na mengi yaliingia I-ZI: ankara, nauli, bei, tarehe, risiti, oda, ripoti, bajeti, stakabadhi. Ukiwa shambani una jembe, mti, kisima, uzi, kila kimoja na kiambishi chake. Ukikaa kwenye kompyuta kuandika habari za malipo, karibu kila kitu ni "i-". Ngeli zinakuacha pale unapozihitaji zaidi.

#4 Kaka_Betri

Hata mimi hii inanisumbua sana. Nikifungua imeili kwenye simu, zile za nyuma zinajikunja, zinabaki nukta tatu tu. Natakiwa kubonyeza kila mara. Nawezaje kuzima hicho kitu moja kwa moja?

#5 Dogo_Gungu

Kaka Betri, huu si uzi wa simu. Tunaongelea maneno.

#6 MwalimuMstaafu_Ujiji

Mwache Kaka Betri, amegusa jambo bila kukusudia. Zile nukta tatu zinaficha maandishi ya nyuma, na maandishi ya nyuma ndiko neno "hii" lilikozaliwa.

Mwisho wa Reli, swali moja. "Hii sawa kwao, ila ile ya pili hapana" ni maneno yako au ya mteja? Kama ni ya mteja, aliyaandika wapi?

#7 Mwisho_wa_Reli

Shikamoo mwalimu. Ni ya mteja. Niliyakopi nikabadilisha "kwetu" kuwa "kwao". Yeye alijibu ndani ya imeili ya bosi, mstari kwa mstari. Ngoja niibandike, nimeondoa majina tu:

```
> Boti ya Jumanne ina nafasi ya mifuko 600.
> Nauli ni 2,800 kwa mfuko badala ya 2,500,
> mafuta yamepanda.
Hii sawa kwetu.
> Mifuko 200 iliyobaki tuipeleke kwa safari ya Ijumaa.
Ila ile ya pili hapana.
```

#8 MwalimuMstaafu_Ujiji

Marahaba. Basi kesi yako imefunguka.

Kule kwa mteja "hii" ilikuwa imekaa chini ya mstari wa nauli, na "ile ya pili" imekaa chini ya mstari wa Ijumaa. Hakuhitaji kutaja jina, kwa sababu mahali penyewe palitaja. Ni kama mtu aliyesimama sokoni Kibirizi akanyoosha kidole kwenye fungu la dagaa na kusema "nipe hili". Muuzaji haulizi. Wewe umemnukuu mteja maneno yake yote, ukasahau kidole.

Na ona lililotokea baada ya kuhamisha. "Hii" haikubaki tupu. Ingebaki tupu, watu wangeuliza. Ilipofika kwenye muhtasari ilikuta majina mengine yanayopatana nayo, ikajishikiza hapo hapo. "Ile ya pili" ndiyo mbaya zaidi: kwa mteja ilikuwa safari ya pili, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na safari mbili. Kwenye muhtasari wako kuna boti, halafu nauli, halafu safari. Anayehesabu vitu anapata nauli. Mhasibu wako hesabu yake iko sawa.

Kwa hiyo hukumu yangu: aliyefupisha ndiye aliyekuwa wa mwisho kuona neno likiwa na mahali pake. Mzigo ni wake.

#9 Mama_Mawese

Mwalimu umesema vyema, lakini mimi namwangalia huyu kijana kwa jicho lingine. Nafanya biashara ya mawese miaka mingi, na muhtasari wa vikao vya kikundi chetu naandika mimi. Niwaambie ukweli wangu: nikikopi neno la mtu kama lilivyo, mara nyingi si uvivu. Ni kwamba sijaelewa alichosema na sitaki kuulizwa kesho "nani kakuambia". Nikiandika "Mwenyekiti amesema hiyo isubiri", nipo salama, si ndivyo alivyosema? Nikiandika "Mwenyekiti amesema manunuzi ya mashine yasubiri" nimejifunga.

Mwisho wa Reli mwanangu, ulipokuwa unaandika, moyoni ulijua kabisa "hii" ni nauli?

#10 Mwisho_wa_Reli

Mama umenishika pabaya. Nilijua ni nauli. Ila sikujua ni nauli ya safari hii peke yake au nauli ya kuanzia sasa na kuendelea. Bosi aliiandika kama bei mpya ya kudumu. Mteja kasema "hii sawa". Nikaona nikiacha "hii" nitakuwa sijamsingizia mtu.

#11 Nyuki_Sikonge

Nawasalimu kutoka Tabora. Mimi shida yangu si "hii", ni "zake". Tuna kikundi cha wafuga nyuki, tunauza asali kwa mnunuzi mmoja. Katibu wetu alifupisha mabishano ya wiki mbili kwa mstari mmoja: "Mwenyekiti amemweleza mnunuzi kuwa ndoo zake zilikuwa na maji na atazirudisha." Ndoo za nani? Za mwenyekiti au za mnunuzi? Nani anarudisha?

Ukweli ulikuwa kwamba mnunuzi alituletea ndoo tupu zilizooshwa zikabaki na maji ndani, na sisi ndio tuliotaka kuzirudisha. Wanachama wakasoma kuwa mwenyekiti amekiri asali yetu ina maji na mnunuzi anaturudishia. Asali kuwa na maji kwetu ni tusi. Ikizidi maji inachacha, kila mrina asali anajua. Mwenyekiti nusura avuliwe cheo siku hiyo.

#12 Dogo_Gungu

Hapo kwa Sikonge naona. Watu wote ni A-WA, kwa hiyo "zake" na "atazirudisha" hazichagui mtu.

Nakubali pia la I-ZI, mwalimu, nimejirekebisha. Lakini basi kuna kanuni rahisi: kiwakilishi kinarejelea jina lililo karibu zaidi nyuma yake. Kila mtu akiifuata, mtu wa ghala alikuwa sahihi na Mwisho wa Reli ndiye aliyekosea, kesi imeisha.

#13 MwalimuMstaafu_Ujiji

Jaribu kanuni yako hapa: "Boti ilishusha saruji, kisha ikaondoka." Nini kiliondoka? Jina la karibu ni saruji, nayo ni I-ZI kama boti. Hakuna Mswahili atakayesema saruji iliondoka. Msomaji anaangalia ukaribu, ndiyo, lakini anaangalia pia nani alikuwa mtendaji wa sentensi, habari inamhusu nani, na kipi kinawezekana duniani. Saruji haiondoki.

Mara nyingi hayo yote yanaelekea upande mmoja na hatuhisi kazi inayofanyika kichwani. Balaa linakuja yakigawanyika. Kwa mtu wa ghala ukaribu ulisema "safari". Kwa mhasibu kazi yake ilisema "pesa". Kila msomaji anavutwa na kile anachokishughulikia. Ndiyo maana muhtasari unaokwenda kwa mtu mmoja unaweza kuvumilia "hii", na uleule ukienda kwa watu wanne wenye kazi nne unavunjika.

#14 Bandarini_Zamu_ya_Usiku

Naona mwalimu anatupeleka chuo kikuu. Mimi nasema hivi: mkianza kurudia jina kila mahali imeili inakuwa kama kitabu cha chekechea. "Boti imefika. Boti ina mzigo. Mzigo ni wa mteja. Mteja ana furaha." Bosi wangu akisoma hiyo atanirudisha kwenye kubeba magunia. Viwakilishi vipo kwa sababu. Dawa ni kuandika "hilo" badala ya "hii". "Mteja amekubali hilo." Linajulikana ni jambo lililotajwa. Safi, la kiutu uzima.

#15 MwalimuMstaafu_Ujiji

Kuhusu kurudia nina la kukupa hapo mbele, usinikimbie. Ila "hilo" nakukatalia.

"Hilo" linasimama badala ya jambo zima, si kitu. Sasa soma: "Bosi amependekeza kupandisha nauli, kugawa mzigo mara mbili na kutoza ulinzi bandarini. Mteja amekubali hilo." Lipi katika matatu? La mwisho? Yote? Kama ni yote, wengine watasema ungeandika "hayo", wengine watasema yote ni pendekezo moja kwa hiyo "hilo" latosha. "Hii" angalau inachagua kati ya vitu. "Hilo" linachagua kati ya maamuzi, na maamuzi ndiyo yanayoleta hasara.

Kinyume chake kinatisha zaidi. "Mteja hajakubali hilo." Mtu anaweza kuelewa hajakubali chochote, kumbe kakataa moja tu.

#16 Bandarini_Zamu_ya_Usiku

Na "hii" ya vijana wa siku hizi je? "Mvua imenyesha siku tatu, hii imefanya tuchelewe." Hii ipi? Mimi naona ni kosa, waseme "jambo hili limefanya" au "hali hii". Hapo mwalimu utakuwa upande wangu.

#17 MwalimuMstaafu_Ujiji

Hapo sina uhakika kama wewe. Wanaoitetea wanasema ni "hali hii" iliyomezwa, na mazungumzo ya kawaida yamejaa maumbo yaliyomezwa namna hiyo. Darasani nilikuwa naikata kwa kalamu nyekundu. Nikiwa barazani naitumia mwenyewe. Kwenye muhtasari wa kazi ningeiondoa, si kwa sababu ni kosa bali kwa sababu inagombania nafasi na "hii" ya boti na "hii" ya nauli.

#18 Binti_Mwanga

Mimi si mwalimu, ni msaidizi wa ofisi. Nina mtindo wangu: nikiona majina yamegongana kwenye "i-", nabadilisha jina moja kwenda ngeli nyingine. Badala ya nauli naandika "malipo", yanakuwa "ya-". Badala ya safari ya Ijumaa naandika "lori la majini", natania, naandika "chombo cha Ijumaa", kinakuwa "ki-". Ruhusa naiita "kibali". Hapo nikisema "kimekubaliwa" au "yamekubaliwa" hakuna kugombana. Sirudii jina na imeili haiwi ya chekechea.

#19 MwalimuMstaafu_Ujiji

Binti Mwanga, hiyo ni kazi ya fundi. Nakuongezea tahadhari mbili. Usikimbilie "u-". Mzigo umekubaliwa, mkataba umekubaliwa, uamuzi umekubaliwa, usafiri umekubaliwa, ngeli tofauti lakini sikio linasikia "u-" ileile. Na ukibadilisha jina, libadilishe barua nzima. Ukianza na nauli juu, katikati ukasema malipo, msomaji makini atauliza: kuna malipo mengine mbali na nauli? Utakuwa umetibu "hii" ukazaa kitu kipya.

#20 Mama_Mawese

Hizo ngeli zenu mnazitegemea mno. Sisi tunaofanya biashara na ng'ambo ya ziwa tunajua. Mteja wangu wa Kalemie hawezi kujali kama umeandika "limefika" au "imefika". Na hapa hapa kwetu, nani anasema "gari limeharibika" akiwa barabarani? Wengi ni "gari imeharibika". Boti nasikia "limefika" na "imefika" kila siku, kontena vilevile. Sasa Binti Mwanga anaandika "limechelewa" akitegemea mtu ajue ni lori wala si boti, na anayesoma kwake vyote ni sawa.

#21 Binti_Mwanga

Duh. Mama hapo sikuwaza. Kwa hiyo ngeli zinanisaidia mimi ninayeandika, yeye anayesoma huenda hazimsaidii.

#22 MwalimuMstaafu_Ujiji

Mama ameniweza. Ukiandikia watu wa Bujumbura na Kalemie, taja jina.

Sasa lile la Bandarini la kurudia. Usirudie kila mahali. Rudia mahali pale tu ambapo mtu atatenda au atalipa. Kwenye muhtasari wa Mwisho wa Reli maneno ya kutenda ni manne: mteja kakubali nini, kakataa nini, nini kitumwe, nini kipakiwe. Hayo manne yapewe majina. Sentensi za kusimulia zibaki na viwakilishi vyake.

Na njia ya kupima ni hii, nimeitumia kwa wanafunzi. Soma kuanzia sentensi ya mwisho, moja moja, huku umefunika zilizo juu yake kwa karatasi. "Ghala waipakie asubuhi." Waipakie nini? Wewe uliyeandika utashangaa, kwa sababu ukisoma kuanzia juu kichwa chako kinakujazia kila pengo. Ukifunika, hakina cha kujazia.

#23 Nyuki_Sikonge

Nimejaribu kwa ule mstari wa katibu wetu. Ni sentensi moja, hakuna cha kufunika. Bado ndoo hazina mwenyewe.

#24 MwalimuMstaafu_Ujiji

Kweli. Kufunika kunakamata kiwakilishi kinachovuka sentensi, hakikamati kinachogombaniwa ndani ya sentensi moja. Kwa ndoo zenu dawa ni kuivunja: "Ndoo tupu alizoleta mnunuzi zilikuwa na maji. Kikundi kitazirudisha kwa mnunuzi. Mwenyekiti amemjulisha." Habari ya nani kamwarifu nani imekaa mwisho, kwa kuwa hakuna anayeihitaji. Walichotaka wanachama ni ndoo.

#25 Mwisho_wa_Reli

Nimeandika upya. Naomba mnipigie msasa kabla sijamwonyesha bosi:

> Ndugu wote, muhtasari hadi leo. Mteja amekubali nauli mpya ya shilingi 2,800 kwa mfuko. Mteja amekataa safari ya Ijumaa. Kwa hiyo tunapeleka mifuko 600 tu, kwa boti ya Jumanne.
> Mhasibu: tafadhali andaa ankara ya mifuko 600 kwa 2,800, jumla 1,680,000, na umtumie mteja ankara hiyo kabla ya saa kumi jioni leo.
> Ghala: tafadhali toeni mifuko 600 Jumanne asubuhi. Mifuko 200 ibaki ghalani.

#26 Bandarini_Zamu_ya_Usiku

Hii nimeielewa hata nikiwa na usingizi. Chekechea kidogo, lakini nimeielewa.

#27 Dogo_Gungu

"Ankara hiyo" umeiachia "hiyo". Mwalimu atakukamata.

#28 MwalimuMstaafu_Ujiji

Simkamati. "Hiyo" pale imeshikana na jina lake, "ankara hiyo", haina pa kwenda. Kinachopotea ni "hiyo" iliyosimama peke yake.

Ila ona, idadi imefanya kazi ambayo hakuna kiwakilishi kingeiweza. "Mifuko 600" na "mifuko 200" haviwezi kubadilishana. Na 1,680,000 inamzuia mhasibu hata kama angesoma sentensi ya kwanza vibaya: akipiga kwa 2,500 atapata 1,500,000, ataona haifanani, atauliza.

Nina shaka moja tu. Mama Mawese alikuuliza, nawe ukajibu kwa ukweli, kwamba hukujua kama mteja kakubali nauli ya safari hii au ya siku zote. Sasa umeandika "amekubali nauli mpya". Umeliondoa neno "hii", lakini swali umelizika chini ya neno "mpya".

#29 Mama_Mawese

Piga simu mwanangu. Muulize.

#30 Mwisho_wa_Reli

Nimepiga. Mteja anasema alimaanisha safari ile peke yake, kwa sababu alikuwa na fundi anayesubiri saruji na hakuwa na la kufanya. Anasema kwa mizigo ijayo hajakubali chochote, tukae tuzungumze. Kuhusu zile 180,000 anasema ankara aliyoipokea ilisema 2,500, kalipa ilichosema, na stakabadhi anayo.

Bosi kwenye hesabu za mwezi ujao ameshaweka 2,800 kwa mizigo yake yote. Sijui namwambiaje.

#31 Bandarini_Zamu_ya_Usiku

Mwandikie imeili. Usikopi.

#32 Kaka_Betri

Samahani wakuu, zile nukta tatu hakuna aliyenijibu.